Mwenyekiti ametangaza faida ya 2,320,000, mimi naiona hewa. Naomba msaada kugeuza hesabu za chama

Fundi_Cherehani
Habari wakuu. Mimi ni fundi nguo hapa Morogoro, hesabu zangu ni za mita za kitambaa. Januari hii (2025) nimechaguliwa mtunza hazina wa chama chetu cha kusaidiana mtaani, mwenzangu aliyekuwapo amehama. Tuna wanachama 60, ada 5,000 kwa mwezi, tunazikana, tunauguzana, na tuna viti na maturubai tunayokodisha.

Aliyenitangulia aliacha karatasi moja safi ya mapokezi na malipo ya 2024. Hii hapa:

Mapokezi
Salio 1 Januari 2024: 1,150,000
Ada za wanachama: 3,680,000
Kukodisha viti na maturubai: 2,450,000
Mchango wa mfadhili, ujenzi wa stoo: 2,000,000
Viingilio, wanachama wapya 5: 100,000
Kuuza turubai la zamani: 250,000
Jumla: 9,630,000

Malipo
Rambirambi na wagonjwa: 2,100,000
Kodi ya stoo: 960,000
Posho ya mlinzi: 550,000
Maturubai mapya mawili: 1,800,000
Usafiri wa viti: 430,000
Steshenari na mikutano: 320,000
Jumla: 6,160,000
Salio 31 Desemba 2024: 3,470,000

Mwenyekiti kachukua 3,470,000, katoa 1,150,000, katangaza kikaoni kwamba tumepata faida 2,320,000. Watu wakapiga makofi. Mkutano mkuu ni mwezi wa tatu, na mkaguzi tuliyempata ameikataa karatasi hii. Anataka hesabu ya mapato na matumizi, na mizania. Nimejaribu mara mbili, nimeishia kulia. Nianzie wapi?

Kirungu77
Hongereni sana. 2,320,000 gawa kwa 60 kila mtu anaondoka na 38,000 na ushee. Sisi kwenye kikoba chetu Desemba tunavunja, tunagawana, tunaanza upya. Kichwa kinauma cha nini?

Fundi_Cherehani
Kaka, sisi si kikoba. Hatugawani. Katiba yetu inasema ziada inabaki kwenye chama.

Hesabu_Kichwani
Rahisi hii. Chukua karatasi hiyo hiyo, futa masalio ya mwanzo na mwisho, futa maturubai mapya kwa sababu hiyo ni mali, si matumizi. Mapokezi 8,480,000, malipo yanabaki 4,360,000, ziada 4,120,000. Umemaliza. Kwa hiyo mwenyekiti amekosea, lakini kwa kupunguza!

Mzee_wa_Leja
Hesabu_Kichwani, umeng'oa gugu moja ukaacha shamba. Maturubai kweli yatoke. Lakini umeacha 2,000,000 ya stoo ndani ya mapato, umeacha 250,000 ya kuuza turubai kana kwamba ni biashara yao, na umechukua ada zote zilizoingia bila kuuliza ni za mwaka upi.

Binti, usilie. Nimekagua hesabu za vyama kwa zaidi ya miaka 30, na karatasi ya namna hii yenyewe si kosa. Inajibu swali moja tu: fedha ziliingia ngapi na zikatoka ngapi. Mkaguzi wako anauliza jingine: mwaka 2024 wenyewe ulistahili mapato kiasi gani, uligharimu kiasi gani, na chama kilimiliki nini usiku wa tarehe 31 Desemba. Majibu ya hayo hayamo kwenye karatasi yako. Yamo kwenye kadi za wanachama, risiti ya mwenye stoo, na kinywani mwa mlinzi.

Kabla ya yote nijibu haya. Je, kuna mizania ya 31 Desemba 2023?

Fundi_Cherehani
Shikamoo mzee. Mizania haijawahi kuwepo tangu chama kianze.

Mzee_wa_Leja
Marahaba. Basi utaiunda mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanaporuka, kisha wanashangaa mwisho wa kazi pande mbili hazilingani. Usiguse 2024 kabla hujajua 1 Januari 2024 mliamka na nini. Nitafutie mambo matano kwa tarehe hiyo: fedha zote popote zilipokuwa, nani alikuwa anadaiwa ada, nani alikuwa ameshalipa ada ya mbele, nani alikuwa anakidai chama, na vitu vyenu vilikuwa na thamani gani. Kodi ya stoo uliyolipia kabla nayo ni mali.

Pwani_Tulivu
Salaam kutoka Mombasa. Hebu niingilie kidogo. Sisi tuna klabu ya mpira, na tuna kantini ya soda. Mwaka jana tuliuza soda za 900,000 tukanunua za 700,000, katibu akaandika faida ya 200,000 kwenye mapato. Mkaguzi akamrudisha. Je, kwako pia ni hivyo?

Mzee_wa_Leja
Ndugu yangu, yake si hiyo, hana kantini. Lakini kwako mkaguzi alikuwa sahihi. Kreti zilizobaki mwanzo na mwisho wa mwaka zilikuwa za kiasi gani?

Pwani_Tulivu
Mwanzo za 60,000, mwisho za 110,000.

Mzee_wa_Leja
Basi soda mlizouza ziliwagharimu 60,000 jumlisha 700,000 toa 110,000, yaani 650,000. Faida ni 250,000. Kantini itengenezewe hesabu yake ya biashara pembeni, na faida peke yake ndiyo iingie kwenye mapato ya klabu. Na kama muuza soda mlibaki mnamdai au anawadai, mambo yanabadilika tena. Ukitaka tuendelee fungua uzi wako, hapa tumsaidie binti.

Fundi_Cherehani
Nimerudi baada ya siku nne. Nimezunguka mtaa mzima kama mgambo. Nimepata hivi, kwa tarehe 1 Januari 2024:

Fedha 1,150,000, imelingana na taarifa ya benki pamoja na simu ya mtunza hazina wa zamani.

Ada za 2023 zilizokuwa hazijalipwa 420,000. Katika hizo, 300,000 zililipwa ndani ya 2024. Zilizobaki 120,000 ni za watu wawili waliohama mwishoni mwa 2023, namba zao hazipatikani.

Wanachama wawili walikuwa wamelipa ada ya 2024 yote mapema, Desemba 2023. Jumla 120,000.

Mwenye stoo tunamlipa kila Aprili kwa mwaka mzima. Mkataba wa zamani ulikuwa 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo Januari hadi Machi 2024 ilikuwa imeshalipiwa, 180,000.

Mlinzi alikuwa anadai posho ya Desemba 2023, 50,000.

Viti na maturubai: kwenye daftari kuna orodha na bei za kununulia, na muhtasari wa kikao cha 2022 ulipitisha uchakavu wa asilimia 20 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Nimekokotoa hadi hapo nikapata 3,200,000. Ndani yake kuna lile turubai la zamani, 400,000.

Mzee_wa_Leja
Hii ni kazi ya mtu mzima. Wahasibu wenye vyeti wananiletea robo ya hii. Sasa mali toa madeni, utapata mfuko wa jumla wa chama wa siku hiyo. Ndio unaosimama mahali pa mtaji, kwa sababu chama hakina mwenye mtaji. Fanya mwenyewe.

Halafu twende kwenye ada, maana ndipo vyama vinapofia. Zile 3,680,000 zina miaka mitatu ndani yake. Umeshajua 300,000 ni za 2023. Za 2025 zilizolipwa mapema ni ngapi?

Fundi_Cherehani
Za 2025 ni 180,000, watu watatu walilipa mwaka mzima.

Hesabu_Kichwani
Hapa nakusaidia. Wanachama 60 mara 60,000 ni 3,600,000, hiyo ndiyo ada ya mwaka. Fedha ya 2024 iliyoingia ni 3,680,000 toa 300,000 toa 180,000, sawa na 3,200,000. Ongeza 120,000 iliyolipwa mwaka uliopita, inakuwa 3,320,000. Iliyopungua kufikia 3,600,000 ni 280,000, basi hayo ndiyo madeni ya wanachama. Kadi hazihitajiki.

Mzee_wa_Leja
Hesabu yako ni sahihi na ushauri wako ni wa hatari.

Ukiyapata madeni kwa kutoa namna hiyo, shilingi yoyote iliyopokelewa ikaishia mfukoni mwa mtu itajigeuza deni la mwanachama. Mzee amelipa taslimu, hakuandikiwa risiti, fedha haikufika benki. Kwa njia yako anaonekana anadaiwa, na mizania inakaa sawa kabisa, hakuna kengele inayolia. Nimeona wizi wa miaka mitatu umejificha ndani ya mstari wa "ada zinazodaiwa". Kwa hiyo madeni yahesabiwe kadi kwa kadi, jina kwa jina, halafu ndipo ulinganishe na hesabu yako ya kutoa. Zikipishana, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Fundi_Cherehani
Mzee, zimepishana. Kadi zinasema 295,000.

Kirungu77
Mtunza hazina wa zamani huyo! Ndio maana kahama 😂

Fundi_Cherehani
Kaka taratibu, alikuwa jirani yangu huyo. Ngoja nitafute 15,000.

Fundi_Cherehani
Nimeipata. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, kadi yake haina mhuri wa Agosti, Septemba na Oktoba. Amenitolea risiti kwenye kile kikopo cha mafuta ya nywele anachowekea hirizi na namba za simu. Risiti ni ya 15,000 ya miezi hiyo mitatu, na kishina chake kipo kwenye kitabu, na fedha imo ndani ya zile 3,680,000. Alilipa akiwa msibani, kadi ilikuwa nyumbani, mhuri ukasahaulika. Nimemgongea. Sasa kadi zinasema 280,000, watu tisa, majina ninayo.

Mzee_wa_Leja
Hapo sasa 280,000 ni kitu cha kusimamia mbele ya mkutano. Mapato ya ada ni 3,600,000. Yale 120,000 ya waliohama yafute, yaingie kwenye matumizi ya 2024 kama ada zilizofutwa.

Mwanafunzi_wa_Kasneb
Samahani mzee, kwa nini yasitolewe moja kwa moja kwenye mfuko wa jumla? Ni deni la 2023, mwaka 2024 umekosa nini?

Mzee_wa_Leja
Swali zuri. Deni lilikuwa halali mwisho wa 2023, watu ndio kwanza walikuwa wamehama na hakuna aliyejua kama watalipa. Kupotea kwake kumejulikana 2024, kwa hiyo ni hasara ya 2024. Kama lingekuwa kosa, mathalani watu hao hawakuwahi kuwa wanachama, hapo ungerekebisha mwanzo. Na vyama vingine haviweki kabisa ada zinazodaiwa kwenye mali, vinasema mwanachama asiyelipa hawezi kupelekwa mahakamani kwa 5,000, basi si mali. Sipingi sana. Ila uamuzi huo uandikwe na ufuatwe kila mwaka, usibadilike kwa sababu mwaka huu namba haipendezi.

Fundi_Cherehani
Kodi ya stoo nimeiweka 960,000 kama ilivyo kwenye karatasi, sawa?

Hesabu_Kichwani
Sawa, umelipa miezi 12, mwaka una miezi 12.

Mzee_wa_Leja
Mkataba mpya ni bei gani kwa mwezi?

Fundi_Cherehani
80,000 kuanzia Aprili 2024.

Mzee_wa_Leja
Basi si sawa. Miezi ni 12 lakini si miezi ile ile. Mlikaa Januari hadi Machi kwa bei ya zamani, 180,000, na Aprili hadi Desemba kwa bei mpya, miezi tisa, 720,000. Gharama ya stoo ya 2024 ni 900,000. Ile 240,000 ya Januari hadi Machi 2025 ni mali yenu kwa sasa, mnamdai mwenye stoo nafasi. Kama bei isingepanda, Hesabu_Kichwani angepata jibu sahihi kwa bahati.

Mlinzi naye muulize.

Fundi_Cherehani
Nimemkuta anakunywa uji getini. Anasema amelipwa Desemba 2023 na Januari hadi Oktoba 2024. Novemba na Desemba bado, na amenikumbusha kwa sauti ambayo duka zima limesikia. Kwa hiyo 550,000 iliyolipwa, gharama yake 600,000, tunadaiwa 100,000.

Mzee_wa_Leja
Vizuri. Turubai liliuzwa lini? Na mapya yalinunuliwa lini?

Fundi_Cherehani
La zamani liliuzwa wiki ya kwanza ya Januari. Mapya tarehe 1 Julai.

Mzee_wa_Leja
La zamani lilikuwa 400,000 kwenye daftari, limeuzwa 250,000, hasara 150,000. Hiyo 150,000 tu ndiyo inayoingia kwenye matumizi, 250,000 yenyewe haionekani popote kwenye mapato. Vifaa vilivyobaki 2,800,000, asilimia 20 ni 560,000. Mapya 1,800,000 kwa nusu mwaka ni 180,000. Uchakavu jumla 740,000.

Kirungu77
Huo uchakavu analipwa nani? Mbona mnaongeza matumizi ambayo hakuna aliyetoa hela?

Fundi_Cherehani
Hili naweza kujibu hata mimi. Cherehani yangu nilinunua mara moja, lakini kila nguo ninayoshona inaila kidogo. Nikipanga bei bila kuihesabu, siku ikifa sina ya kununua nyingine. Viti vyetu vinapanda kirikuu kila wikiendi, vinavunjika miguu.

Mzee_wa_Leja
Sina la kuongeza.

Ule mchango wa 2,000,000, una barua?

Fundi_Cherehani
Ipo. Mfadhili ni mfanyabiashara wa mtaani, ameandika "kwa ajili ya ujenzi wa stoo tu, na siyo shughuli nyingine". Bado hatujajenga.

Mzee_wa_Leja
Basi si mapato ya mwaka. Unakaa kwenye mizania peke yake kama mfuko wa ujenzi, chini ya mfuko wa jumla. Angetoa bila sharti ungekuwa mapato. Ninyi mnaulinda tu mpaka mjenge.

Fundi_Cherehani
Na viingilio 100,000?

Mwanafunzi_wa_Kasneb
Kwenye mtihani, swali lisiposema, sisi tunaviweka kwenye mapato na tunaandika tumechukulia hivyo. Mwalimu wangu mwingine anasema viende kwenye mfuko moja kwa moja kwa sababu mtu analipa mara moja maishani.

Mzee_wa_Leja
Wote wawili wana hoja. Mimi kwa chama kinachoingiza wachache kila mwaka huviweka kwenye mapato. Kama vingekuwa vikubwa, laki tano kila kichwa, ningeviweka kwenye mfuko. Angalia katiba kwanza.

Fundi_Cherehani
Katiba imenyamaza. Nimeviweka kwenye mapato. Wakuu, nimemaliza, lakini mizania inagoma! Mali zangu ni 7,850,000. Upande wa pili napata 8,090,000. Tofauti 240,000.

Hesabu_Kichwani
240,000! Hiyo ni kodi ya stoo ya 2025. Umesahau kuiandika kwenye mali. Iongeze, inakaa sawa.

Fundi_Cherehani
Nimeshaiandika, imo ndani ya 7,850,000. Nikiiongeza tena itakuwa mara mbili.

Hesabu_Kichwani
Ila italingana 😅

Mzee_wa_Leja
Hapo sasa mtu anapigwa na mtego. Namba inafanana na kitu unachokijua, unarukia. Tofauti ikigawanyika kwa mbili, tafuta nusu yake kwanza: kitu cha 120,000 kilichokaa upande usio wake huzaa tofauti ya 240,000. Una vitu viwili vya 120,000, ada zilizofutwa na ada ya 2024 iliyolipwa mapema. Niandikie ulivyopata mfuko wa mwanzo.

Fundi_Cherehani
Vifaa 3,200,000, ada zinazodaiwa 420,000, ada iliyolipwa mapema 120,000, kodi 180,000, fedha 1,150,000. Jumla 5,070,000. Toa mlinzi 50,000. Mfuko 5,020,000.

Pwani_Tulivu
Naona! Ada iliyolipwa mapema umeiweka mali. Kodi uliyolipa wewe mapema ni mali, lakini ada uliyolipwa wewe mapema ni deni. Klabuni kwetu katibu alikwama hapo hapo.

Fundi_Cherehani
Kumbe! Nimeona neno "mapema" nikazipanga pamoja. Mteja akinipa hela ya gauni kabla sijashona, nadaiwa gauni.

Mzee_wa_Leja
Ndivyo. Mali 4,950,000, madeni 170,000, mfuko wa 1 Januari 2024 ni 4,780,000. Andika zote tuzione.

Fundi_Cherehani
Hizi hapa.

Mapato na matumizi, mwaka ulioishia 31 Desemba 2024

Ada: 3,600,000
Kukodisha: 2,450,000
Viingilio: 100,000
Jumla ya mapato: 6,150,000

Rambirambi na wagonjwa: 2,100,000
Stoo: 900,000
Mlinzi: 600,000
Usafiri: 430,000
Steshenari na mikutano: 320,000
Uchakavu: 740,000
Hasara ya kuuza turubai: 150,000
Ada zilizofutwa: 120,000
Jumla ya matumizi: 5,360,000

Ziada: 790,000

Mizania, 31 Desemba 2024

Vifaa: 3,860,000
Ada zinazodaiwa: 280,000
Kodi iliyolipwa mbele: 240,000
Fedha (benki 3,105,000, simu 290,000, mkononi 75,000): 3,470,000
Jumla ya mali: 7,850,000

Mfuko wa jumla (4,780,000 + 790,000): 5,570,000
Mfuko wa ujenzi wa stoo: 2,000,000
Ada za 2025: 180,000
Mlinzi: 100,000
Jumla: 7,850,000

Imekubali!!! Nimeamsha watoto.

Mzee_wa_Leja
Safi. Na viingilio ukivihamishia kwenye mfuko, ziada inashuka hadi 690,000 lakini mfuko wa jumla unabaki 5,570,000 ule ule. Ndiyo maana sigombani sana juu yake.

Kirungu77
Lakini mwenyekiti aliahidi 2,320,000 mbele ya watu. Nyingine mmezipeleka wapi? Mimi ningekuwa mwanachama ningeuliza.

Fundi_Cherehani
Hilo ndilo linaloninyima usingizi sasa. Mzee?

Mzee_wa_Leja
Mshukishe ngazi kwa ngazi, kwa ubao. Fedha ziliongezeka 2,320,000, kweli. Toa 2,000,000 ya stoo, ina mwenyewe, inabaki 320,000. Rudisha 1,800,000, hatukuila, imesimama uwanjani kama maturubai: 2,120,000. Toa 250,000 ya turubai, tuliuza kitu chetu, hatukuchuma: 1,870,000. Toa uchakavu 740,000 na hasara 150,000: 980,000. Zinazobaki 190,000 ni za miaka iliyoingiliana, ada, kodi na mlinzi. Unafika 790,000.

Na mwambie la pili, ambalo litamuuma zaidi. Katika ile 3,470,000 ya benki, simu na mkononi, ukitoa ya stoo inabaki 1,470,000. Humo kuna 100,000 ya mlinzi na 180,000 ya watu walioshalipia 2025. Mkianza kuahidi rambirambi kwa kuangalia salio la benki, mtakula stoo.

Hesabu_Kichwani
Nakubali nimepigwa. Ila swali: wakijenga stoo, ule mfuko wa 2,000,000 unafutwa?

Mzee_wa_Leja
Fedha inageuka jengo upande wa mali. Mfuko wengi huuhamishia kwenye mfuko wa jumla kazi ikikamilika, wengine huuacha ukipungua pamoja na uchakavu wa jengo. Wakifika huko tutajadili.

Fundi_Cherehani
Taarifa wakuu. Nimepeleka kwa mkaguzi leo. Ameangalia kadi tisa za wanaodaiwa, barua ya mfadhili, mkataba wa stoo, akasema vizuri. Halafu akasema twende stoo. Daftari linasema viti 200. Tumehesabu mara mbili, mlinzi akishika taa ya simu, ni 187. Kumi na tatu havipo, na vingine vinne vimefungwa kwa waya. Ameandika kwenye karatasi yake bila kusema kitu.

Mzee_wa_Leja
Vimepotea mwaka gani?

Fundi_Cherehani
Hakuna anayejua. Mlinzi anasema alivikuta hivyo. Mwenyekiti anasema vilibaki kwenye harusi moja ya 2022. Kitabu cha kukodisha hakina safu ya vilivyorudi.

Mwanafunzi_wa_Kasneb
Kama ni 2022, si mfuko wa mwanzo unabadilika? 4,780,000 itashuka, ziada ya 790,000 haiguswi, ila uchakavu wa hivyo 13 nao utoke?

Mzee_wa_Leja
Kama mwenyekiti ana ushahidi, ndiyo, unarekebisha mwanzo na uchakavu wa 2024 unapungua kidogo. Kama hana, mimi ningeviondoa 2024, mwaka vilipogundulika havipo. Mkaguzi wako anaweza kuona vingine. Binti, kitabu cha kukodisha kina majina ya waliokodisha 2022?

Fundi_Cherehani
Kinayo. Kurasa za Agosti zimechanwa.